Kikosi cha Shepu Kumi na Moja: Mpe Mhusika Wako Kinywa

Mhusika wako anatembea, anageuka, anakunja mikono kifuani kama mtu mzima. Akifungua kinywa kusema, watazamaji wanacheka mahali pasipo na kichekesho. Wengi wanaojifunza uhuishaji hapa Kigali hukwama papo hapo: wanaondoa mazungumzo, wanaweka muziki, mhusika anabaki bubu. Nakuomba leo umrudishie kauli yake. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko unavyodhani, mradi uijue hesabu iliyo nyuma yake.

Wengi wameshindwa kwa sababu moja. Orodha nyingi za maumbo ya mdomo zinazosambaa zilipangwa kwa kufuata Kiingereza, lugha ambayo irabu zake za kutamkwa ni nyingi kuliko zile za kuandikwa. Sisi tuna bahati. Kiswahili kina irabu tano, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Kinyarwanda nacho kina irabu tano, ingawa kinazirefusha na kuzifupisha. Mdomo unaosema lugha zetu hauhitaji maumbo hamsini. Unahitaji kikosi cha kumi na moja, kama timu ya mpira, na kila mchezaji ajue nafasi yake.

Tufanye kazi na sentensi moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee muuza chai yuko Biryogo, pale Nyamirambo, sehemu ya Kigali ambako Kiswahili kimekaa kwa vizazi. Anamwona mteja, anatabasamu, anasema: "Mama, karibu chai!" Ni silabi saba, zisizofika sekunde mbili. Ukiweza kumfanya mzee huyu aseme maneno haya matatu na tukamwamini, utaweza kumfanya aseme chochote.

Shepu ni nini hasa

Sura ya mhusika wako ni wavu wa nukta. Ukifungua paneli ya `Shape Keys`, iliyo chini ya alama ya pembetatu ya kijani, na kubonyeza alama ya kujumlisha mara moja, Blender inahifadhi mahali pa kila nukta kwa jina la `Basis`. Hiyo ndiyo sura iliyotulia. Ukibonyeza tena, unapata shepu mpya yenye kitelezi kinachotoka 0 hadi 1. Unaichagua, unaipa thamani 1, unaingia `Edit Mode` au `Sculpt Mode`, unasogeza nukta za mdomo mpaka ziseme "a", kisha unatoka. Kuanzia hapo kitelezi kikiwa 0 mdomo umetulia, kikiwa 1 umefunguka, kikiwa 0.5 uko katikati.

Blender haihifadhi picha ya mdomo uliofunguka. Inachokitumia ni umbali: kila nukta imehama kiasi gani kutoka `Basis`, na kuelekea wapi. Shepu mbili zikiwashwa pamoja, umbali wao unajumlishwa. Hesabu nzima ni hii:

```
nukta = Basis + A*(umbali wa A) + U*(umbali wa U) + ...
```

Mstari huo una mambo mawili, na karibu kila kosa utakaloliona usoni mwa mhusika linatokana na moja kati ya hayo. La kwanza, shepu hujumlishwa, hazipokezani. La pili, kila nukta husafiri kwa mstari ulionyooka. Yashike hayo mawili, kwa maana yatarudi.

Kuunda kikosi

Kabla ya kuongeza shepu hata moja, maliza umbo la kichwa. Zungusha pete kadhaa za nukta kuanzia ukingo wa midomo kwenda nje, ili midomo iweze kubana na kutanuka bila kukunjika vibaya. Kama ulitumia `Mirror`, ithibitishe sasa kwa `Apply`. Ukishakuwa na shepu, Blender itakukatalia kwa maneno haya: `Modifier cannot be applied to a mesh with shape keys`. Mhuishaji akiuona ujumbe huo baada ya wiki ya kazi, hufuta shepu zake zote au huanza kutafuta njia za mkato. Wewe usifike huko. Ile `Subdivision Surface` iache ilivyo, bila kuithibitisha, haitakusumbua.

Midomo ya `Basis` iwe imeachana kidogo sana, kama ya mtu anayepumua kwa utulivu. Ikiwa imegusana kabisa, utahangaika kuchagua nukta za mdomo wa juu bila kuchukua na za chini. Halafu kumbuka meno. Shepu ni mali ya wavu mmoja tu, kwa hiyo meno ya chini yakiwa kitu cha pekee, kidevu kitashuka na meno yatabaki juu, yakitokeza katikati ya mdomo wa chini. Yaunganishe na kichwa mapema, au yafungie kwenye mfupa wa taya unaoshuka pamoja na kidevu.

Majina ya kikosi unaweza kuyaandika yote mara moja. Chagua kichwa kikiwa bado hakina shepu, fungua eneo la `Scripting`, bandika hii na uiendeshe:

```python
import bpy
o = bpy.context.object
for n in ["Basis", "A", "E", "I", "O", "U", "MBP", "FV",
          "MASHAVU", "PEMBE", "NYUSI", "KOPE"]:
    o.shape_key_add(name=n, from_mix=False)
```

Ukimtoa `Basis`, ambaye ndiye uwanja wenyewe, unabaki na kumi na moja. Irabu ni tano. `MBP` ni midomo iliyofungwa, kwa ajili ya m, b na p. `FV` ni meno ya juu yakigusa mdomo wa chini. Nne za mwisho ni za hisia: mashavu yanayopanda, pembe za mdomo zinazovutwa nje na juu, nyusi zinazoinuka, na kope zinazofumba. Sauti kama k, g, n, l na r sikuzipa shepu, kwa kuwa kazi yake hufanyika ndani ya kinywa. Kwa nje, midomo inaendelea tu kuifuata irabu iliyo jirani.

Sasa zichonge moja baada ya nyingine. Katika `A`, kidevu kishuke na pembe za mdomo ziingie ndani kidogo; wanaoanza hushusha mdomo wa chini peke yake, na mhusika anaonekana kama anamwonesha daktari fizi. Katika `I`, midomo itanuke na meno yaonekane kidogo. Katika `U`, midomo isogee mbele na kuwa duara dogo. Katika `MBP`, usiishie kwenye kugusanisha midomo: ibane kidogo, ukingo mwekundu upungue, maana ndivyo midomo ya binadamu inavyofanya kwenye m.

Kabla ya kuchonga, hakikisha kila mara shepu iliyochaguliwa ndiyo unayoikusudia. Dalili ya kusahau ni rahisi kuiona: vitelezi vyote viko 0, lakini uso haujatulia. Ukiona hivyo, ujue ulichonga `Basis`. Rudi nyuma kwa `Ctrl Z` papo hapo, usiendelee kujenga juu yake.

Tabasamu linapokutana na "u"

Mzee wetu anatabasamu anaposema "karibu". Hapo ndipo kuchanganya shepu kunapoonesha meno yake.

Tuseme mhusika ana ukubwa wa mtu wa kawaida. Ungetengeneza shepu moja tu ya tabasamu, ingevuta pembe ya mdomo milimita 8 kwenda nje na 5 kwenda juu. Shepu ya `U` inairudisha pembe hiyohiyo milimita 10 kwenda ndani na kuisukuma 6 mbele. Washa zote mbili kikamilifu na ujumlishe: pembe iko milimita 2 ndani, 5 juu, 6 mbele. Huo si mdomo wa "u", na wala si tabasamu. Ni mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Wengi hufika hapa wakaamini kuwa hawana kipaji. Kipaji hakijahusika, ni kujumlisha tu.

Simama mbele ya kioo, tabasamu, kisha sema "karibu" taratibu. Kwenye "bu" midomo inajikusanya na pembe zinaliachia tabasamu, lakini mashavu yanabaki juu na macho yanabaki yamejikunja kidogo. Mwaka 1862 daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alichapisha uchunguzi wake wa misuli ya uso, akaonesha kwamba tabasamu la dhati linatambulika kwa msuli unaozunguka jicho, na kwamba mdomo peke yake hautoshi. Ndiyo maana katika kikosi chetu nililigawa tabasamu mara mbili, `MASHAVU` na `PEMBE`. Kwenye "bu" shusha `PEMBE` hadi 0.2 na uache `MASHAVU` kwenye 0.8. Mzee anaendelea kutabasamu, na "u" inasomeka.

Kama bado pembe za mdomo zinajikunja vibaya, ongeza shepu ya kurekebisha. Weka `PEMBE` 1 na `U` 1, unda shepu mpya, ipe thamani 1, ichague, ingia `Sculpt Mode` na ulainishe mkunjo ule tu. Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya thamani yake na uchague `Add Driver`. Driver ni kanuni ndogo inayoendesha kitelezi kwa niaba yako. Mpe vigezo viwili vya aina ya `Single Property`, chagua `Key` kama chanzo, na uandike njia zake:

```
p = key_blocks["PEMBE"].value
u = key_blocks["U"].value
p * u
```

Mstari wa mwisho ndio unaoingia kwenye sehemu ya `Expression`. Kwa kuwa ni kuzidisha, rekebisho linabaki 0 mpaka shepu zote mbili ziwe zimewaka, na linakuja kwa kiasi kilekile zinavyokutana. Hutalazimika kulikumbuka tena.

Kope zinazopita ndani ya jicho

Jambo la pili lilikuwa mstari ulionyooka. Kwenye mdomo hulioni sana. Taya huzunguka kwenye kiungo kilicho karibu na sikio, na kwa mazungumzo ya kawaida mzunguko huo ni mdogo. Taya ikizunguka digrii 20, tofauti kati ya njia ya duara na njia iliyonyooka, pale katikati, ni kama asilimia moja na nusu ya urefu wa taya. Jicho la mtazamaji haliinasi.

Ukope ni habari nyingine. Kwa mhusika wa katuni mwenye macho makubwa, ukope wa juu unaweza kuzunguka digrii 80 kutoka wazi hadi kufumba. Ukiupeleka kwa mstari ulionyooka, katikati ya safari utakuwa umezama ndani ya jicho kwa karibu asilimia 23 ya nusu kipenyo chake. Jicho la binadamu lina nusu kipenyo cha milimita 12 hivi, basi ukope unazama karibu milimita 3. Ndiyo maana wahusika wengi hufumba vizuri na kufumbua vizuri, lakini katikati jicho linatoboa ukope. Jaribu sasa hivi: weka `KOPE` kwenye 0.5 uone.

Dawa yake ni shepu ya katikati. Ukiwa hapo kwenye 0.5, unda shepu mpya uiite `KOPE_KATI`, ipe thamani 1, na katika `Sculpt Mode` vuta ukope nje mpaka ukae juu ya jicho. Halafu mpe Driver mwenye kigezo `k` kinachosoma `KOPE`, na kanuni hii:

```
4 * k * (1 - k)
```

Ipime mwenyewe. `k` ikiwa 0, jibu ni 0. Ikiwa 1, jibu ni 0. Ikiwa 0.5, jibu ni 1. Shepu inajitokeza pale tu inapohitajika, kisha inajiondokea. Mstari huo mmoja unaubadilisha mwendo ulionyooka kuwa mwendo wa tao, na ukope unateleza juu ya jicho kama wa mtu.

Sasa aseme

Rekodi sentensi kwa simu, chumbani, dirisha likiwa limefungwa ili kelele za pikipiki zisiingie. Katika `Output Properties` hakikisha `Frame Rate` ni 24 kabla ya jambo lingine lolote. Ukiibadilisha baadaye, sauti na midomo vitaachana. Ingiza sauti kwenye `Video Sequencer`. Kisha katika menyu ya `Playback` iliyo kwenye `Timeline`, chagua `Sync to Audio` ili mwendo usichelewe sauti, na uwashe `Audio Scrubbing` ili usikie kila fremu unapoipitia. Mwisho fungua `Dope Sheet` na uigeuze iwe `Shape Key Editor`. Hapo utaona kikosi chako chote kimejipanga, kila shepu na mstari wake.

Sikiliza kwanza bila kuweka alama yoyote. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: ma-ma inakaziwa kwenye ma ya kwanza, ka-ri-bu kwenye ri, cha-i kwenye cha. Silabi inayokaziwa hukaa muda mrefu zaidi, na ndiyo inayostahili mdomo mpana. Zile nyingine zipite kwa wepesi. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuipa kila irabu thamani ya 1, na mhusika anaonekana anatafuna maneno badala ya kuyasema.

Tuseme sauti inaanza fremu ya 10. Mdomo lazima utangulie sauti kwa fremu moja au mbili, kwa kuwa binadamu hufunga midomo kwanza ndipo m isikike. Basi `MBP` ifike 1 kwenye fremu ya 8 na ibaki hapo hadi 11. `A` ipande hadi 0.9 kwenye fremu ya 14, kwa kuwa silabi hii imekaziwa. Kwenye 17 na 18 midomo ifunge tena, na `A` ya pili iishie 0.5 tu kwenye 20. Kisha mzee anavuta pumzi kidogo. Vitelezi vya mdomo vishuke karibu na 0 kwenye 24.

"Ka" ina `A` ya 0.4 kwenye 28. "Ri" imekaziwa, ipe `I` ya 0.7 kuanzia 32 na uishikilie hadi 34. Halafu inakuja "bu", mahali pazuri kuliko pote katika sentensi nzima. `MBP` iwe 1 kwenye 36 na 37, lakini tayari `U` iko 0.4, kwa sababu mtu anayesema "bu" huanza kuikusanya midomo wakati bado ameifunga. Kwenye 40 `MBP` iko 0 na `U` iko 0.7, ikishikiliwa hadi 42. Hapo ndipo `PEMBE` inaposhuka hadi 0.2 na `MASHAVU` yanabaki juu. "Ch" husukuma midomo mbele kidogo, kwa hiyo acha `U` ya 0.3 kwenye 44, kisha ufungue `A` ya 0.9 kwenye 48. Irabu ya mwisho, `I`, ipate 0.5 kwenye 53, na ifikapo 60 mdomo uwe umetulia huku tabasamu likirudi lote.

Pitia sasa fremu zote za midomo iliyofungwa: 8 hadi 11, 17, 18, 36, 37. Simama kwenye kila moja, tazama kutoka mbele na kutoka ubavuni. Je, unaona meno? Kama unayaona, kuna shepu nyingine ambayo haijafika chini. Hata `A` ya 0.2 inatosha kuiachanisha midomo, kwa kuwa umbali hujumlishwa. Na kila kufunga kuchukue angalau fremu mbili. Ikiwa moja, jicho halitaiona na "mama" itasomeka "aa". Mtazamaji anaweza kukusamehe irabu iliyopungua. Hawezi kukusamehe m iliyoachwa wazi.

Ukimaliza midomo, mwongezee mzee kitu kimoja tu cha juu ya pua: `NYUSI` ipande hadi 0.6 kidogo kabla ya "karibu", na kope zifumbe mara moja kwenye ile pumzi baada ya "mama". Usizidishe.

Aseme na Kinyarwanda

Mzee wa Biryogo hatasema Kiswahili tu. Jirani yake mwenye watoto atamsalimu kwa Kinyarwanda, naye atauliza habari za `abana`. Hapa ndipo mhuishaji wa Kigali anapomshinda mwenye orodha iliyopakuliwa. B ya Kiswahili hufunga midomo kabisa. B ya Kinyarwanda katika `abana` haifungi: midomo inasogeleana, pumzi inapita katikati. Lakini katika `imbuto`, baada ya m, midomo inafunga kweli.

Huhitaji shepu mpya kwa hilo. Unahitaji kitelezi kisimame njiani. Kwenye `abana` peleka `MBP` hadi 0.8 hivi, mpaka uone upenyo mwembamba kama uzi. Kwenye `imbuto` uipeleke hadi 1. Shepu moja imesema b za aina mbili, kwa tofauti ya 0.2. Wala usitafute mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa kuwa Kinyarwanda hakifuati sheria hiyo. Kina toni na irabu ndefu ambazo maandishi ya kawaida hayazioneshi. Panga fremu kwa kusikiliza rekodi, usipange kwa kusoma karatasi.

Mcheza kwao hutunzwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Jumuiya ya Afrika Mashariki tumo tangu 2007. Mhusika anayesema lugha hizi mbili kwa midomo sahihi ana watazamaji kutoka Nyamirambo hadi Bukavu, Mwanza na Mombasa. Tayari katuni za Ubongo kutoka Dar es Salaam zimeonesha kwamba watoto wa kanda hii huzifuata katuni zinazosema kama wao.

Chombo nacho hakina kisingizio. Blender ni huru tangu 2002, watumiaji walipochanga yuro 100,000 ili msimbo wake ufunguliwe kwa wote. Machi 2025 filamu `Flow` ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar ya filamu bora ya uhuishaji. Lakini angalia jambo moja: wanyama wa filamu hiyo hawasemi hata neno. Programu ileile iko kwenye laptopu yako, na uwanja wa kusema umeachwa wazi.

Basi fanya hivi. Wiki hii chonga shepu saba za mdomo, wiki ijayo nne za hisia, kisha uweke sentensi hii ya silabi saba. Ukimaliza, zima sauti kabisa, mwoneshe jirani asiyejua unachofanya, umwulize mzee kasema nini. Akijibu "Mama, karibu chai", umefaulu. Asipojibu, rudi kwenye fremu za m na b, maana tatizo karibu kila mara liko hapo. Fungua Blender, chagua kichwa, bonyeza alama ya kujumlisha. Mzee anasubiri kumkaribisha mteja.